Shajara ya mradi: kosi mbili za shanga, mkanda wa shingo na nyuzi za kifuani

Jumamosi

Kikundi cha ngoma tunachokishonea mavazi kimeagiza seti kamili ya shanga za Kimaasai kwa ajili ya binti yao anayecheza mbele. Shuka ziko tayari, zimeshapindwa. Kilichobaki ni sehemu ya chini ya kidevu hadi katikati ya kifua. Mwalimu wa kikundi ametaka pia kila kipande kiandikiwe maelezo, ili siku kikikatika akipeleke kwa fundi yeyote wa Dar na kirudi kilivyokuwa.

Picha alizonitumia kwa simu nimezitenga mafungu mawili, maana zimechanganya mambo. Fungu moja ni la Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya. Pale mwanamke anavaa nyuzi nyingi zilizolegea, kila uzi peke yake, zimerundikana kutoka mabegani mpaka kidevu kinainuka, na nyekundu imetawala. Fungu la pili ni la Wamaasai, na humo kinachoonekana zaidi ni ukosi bapa: duara pana la shanga zilizopangwa safu nje ya safu, gumu kiasi, linalolala mabegani na kusimama mbele ya kifua. Haya ni maumbo mawili tofauti kwa utengenezaji na kwa kuhesabu. Nyuzi za Kisamburu unazihesabu kutoka chini kwenda juu, kwa sababu zinapanda shingo. Ukosi bapa unahesabiwa kutoka ndani kwenda nje, kwa sababu unaiacha shingo na kwenda bega.

Nimemwambia mwalimu achague moja. Amechagua kosi bapa. Nimeshukuru kimoyomoyo, kwani nyimbo wanazocheza ni za Kimaasai, na katika uchezaji wa wanawake wa Kimaasai bega na kifua husukumwa ili ukosi uruke na kutua. Nyuzi zilizolegea haziruki hivyo.

Jumatatu

Kariakoo, shanga. Nilikuwa natafuta namba 10. Kwa asiyezoea, namba za shanga hizi ndogo zinakwenda kinyume: namba ikipanda, shanga inapungua. Namba 8 ina upana wa karibu milimita 3, namba 10 ni milimita 2.3 hivi, na namba 11 inakaribia 2. Namba 8 humaliza kazi haraka lakini michoro inakuwa mikubwa na ukosi unakuwa mzito. Namba 11 nzuri kwa macho, mbaya kwa mgongo wa fundi.

Nimechagua za Kicheki. Shanga za kioo kutoka upande ule, hasa mji wa Jablonec, ndizo zilizozoeleka mikononi mwa wanawake wa Kimaasai tangu biashara ya shanga ilipopamba moto mwishoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo misafara iliyokuwa ikitoka pwani hii yetu kwenda bara ilikwishabeba shanga za aina nyingi, na zile nyekundu za samesame zilikuwa na bei ya juu. Kwa hiyo mtu akisema shanga za kioo ni kitu cha kisasa kilichoharibu mila, mimi husikiliza tu.

Dukani nilifanya vipimo viwili kabla ya kulipa. Cha kwanza ni rangi. Shanga ambayo rangi imo ndani ya kioo chenyewe haichuji, lakini ile iliyopakwa juu itachuja kwa jasho. Unachovya pamba kwenye dawa ya kutolea rangi ya kucha, unasugua shanga tano sita. Chungwa ya duka la kwanza iliacha alama kwenye pamba, nikairudisha. Cha pili ni usawa. Unatunga shanga kwenye uzi urefu wa sentimita 10, unahesabu, unatoa, unatunga nyingine kutoka mfuko uleule. Hesabu zikitofautiana kwa zaidi ya mbili au tatu, mfuko huo una shanga nene na nyembamba mchanganyiko, na safu zako zitapinda hata uwe fundi kiasi gani. Nilizonunua zinaingia 62 kwa sentimita 10. Namba hiyo nimeiandika ukutani, kwa sababu kila kitu kitatokana nayo.

Rangi: nyeupe nyingi, halafu nyekundu, buluu iliyoiva, chungwa, kijani, na nyeusi kidogo.

Jumatano

Mwenge, kwa mama wa Kimaasai anayeuza shanga. Hapa mjini kila mtu anamwita Yeyo, nami pia. Nilipomwamkia alinitazama mikono kwanza.

"Fundi wa nguo au fundi wa shanga?"

"Wa nguo, Yeyo. Shanga natunga, ila ukosi mpana sijawahi kuumaliza."

Alinipa kosi mbili za kwake nizipime palepale, mdogo na mpana, kwa sharti nisiziondoe kwenye mkeka. Hapo ndipo niliona kwa nini picha hazitoshi. Kwenye picha ya mwanamke aliyevaa zote mbili, ukosi mpana una safu 22 za kuhesabika. Nilipoushika mkononi una safu 30. Safu 8 za ndani zimefunikwa na ukosi mdogo unaokaa juu yake. Anayenakili kutoka picha atatengeneza ukosi wa safu 22 wenye tundu kubwa mno, na utamshuka mvaaji mpaka kwenye mikono.

Nilimuuliza kama safu zile zilizojificha zinawekwa rangi yoyote tu. Akasema hapana, ukosi leo unavaliwa na mwenzake, kesho unavaliwa peke yake. Na kweli, safu za ndani za ukosi wake zilikuwa na mkato wa rangi kama zile za nje.

Kuvaa kunaanza na mpana. Unalala mabegani, kisha mdogo unakuja juu yake, kisha mkanda mwembamba unaobana shingo. Nyuzi ndefu za kifuani zinaingia mapema zaidi, kabla ya kosi, ili zitokee chini ya ukingo wa nje. Ukibadilisha mpangilio, ukosi mpana unaupandisha mdogo kuelekea kidevuni na shingo yote inapotea.

Kutokana na hayo nimeamua mpangilio wa maelezo: kwanza kipande kinakaa wapi mwilini na kimefunika nini, pili idadi ya safu kutoka ndani kwenda nje, na rangi mwisho. Wengi huanza na rangi. Lakini "ukosi mwekundu na mweupe" unaweza kuwa vipande mia tofauti. Ukishajua kwamba unaanzia shina la shingo na una safu 20, rangi inapata mahali pa kukaa.

Alhamisi

Siku ya futikamba na karatasi la boksi.

Shingo ya binti ni sentimita 33. Pale shingo inapokutana na mabega, penye ukingo wa ndani wa ukosi mdogo, nimepata 40. Nikikata boksi duara la mzingo huo na kumvalisha, linakaa bila kumkaba na bila kuteleza.

Ukosi mdogo una vyumba 8. Chumba ni nafasi kati ya ubavu mmoja na mwingine, na mbavu ni vile vipande vyembamba vinavyosimama kutoka ndani kwenda nje, vyenye matundu ambamo waya wa kila safu unapita. Zamani ilikuwa ngozi ya ng'ombe. Sasa wengi, Yeyo akiwemo, hukata madumu ya plastiki. Ubavu mmoja una unene wa milimita 2 hivi. Kwa kuwa ukosi umeachwa wazi nyuma kwa ajili ya kifungo, mbavu ni 9.

Mzingo wa sentimita 40, ukitoa mbavu, unaacha nafasi ya shanga 30 kwa kila chumba katika safu ya kwanza. Sasa swali lenyewe: safu ya pili inahitaji ngapi?

Kila safu inakwenda nje kwa milimita 2.4, yaani upana wa shanga na nafasi kidogo ya kupumua. Duara likipanuka hivyo, mzingo wake unaongezeka kwa 2.4 mara mbili mara 3.14, yaani karibu milimita 15. Kwa shanga zangu, milimita 15 ni shanga 9 na kitu. Na jambo ambalo lilinifanya nirudie hesabu ni hili: ongezeko hilo halijali ukubwa wa duara. Safu ya pili inaizidi ya kwanza kwa shanga 9 na kitu, na safu ya 30 inaizidi ya 29 kwa shanga hizohizo 9 na kitu.

Ukigawa kwa vyumba 8, kila chumba kinaongeza shanga moja kwa kila safu, na masalia kidogo ambayo yanafika shanga nzima baada ya safu sita. Yeyo hana futikamba wala hajawahi kuandika 3.14, lakini jana aliniambia: "Kila chumba moja. Ukiona inaanza kuvuta, weka mbili." Ni hesabu ileile. Yeye anaisoma kwa vidole, waya unapoanza kukaza.

Kwa hiyo chumba cha safu ya kwanza kina shanga 30, na cha safu ya 20 kina 52. Nikijumlisha safu zote na vyumba vyote napata kama shanga 6,500 kwa ukosi mdogo peke yake. Nimeongeza sehemu moja ya kumi kwa zile zitakazovunjika au zenye tundu lililoziba.

Ijumaa

Mbavu zimekatwa. Mchana kutwa. Tundu linatobolewa kwa sindano nene iliyopashwa moto, na nafasi kati ya tundu na tundu ni hiyo 2.4. Zikisogeleana sana shanga za safu mbili zinasukumana na moja inapanda juu ya nyingine, zikiachana waya unaonekana. Nimetengeneza ubavu mmoja kwa makini, nikautumia kuweka alama kwenye vingine vyote kwa maka. Ukipima kila kimoja upya, tofauti ndogo zinajikusanya, na kufikia safu ya 20 mbavu hazilingani.

Jumapili

Nimepita sokoni kuangalia kosi za kuuza watalii, kwa jicho la makosa. Yapo mawili na yanatambulika bila hata kushika. Weka ukosi juu ya meza tambarare. Ukisimama katikati na kugusa meza kwa ukingo wa nje tu, unafanana na kawa, basi safu za nje zimenyimwa shanga: fundi aliongeza pungufu ili amalize haraka au aokoe mali. Ukilala katikati lakini ukingo ukawa na mawimbi, amezidisha. Kosa la kwanza ndilo nililoliona kwa wingi. Ukivaliwa, ukosi wa namna hiyo unajifunga mabegani na hauruki, na mchezaji anaonekana amefungwa shingo. Wa mawimbi unaruka, lakini ukitua unatua upande.

Kuna ukawa wa makusudi pia, tena mzuri. Yeyo anaacha ukosi mpana ushuke kidogo tu, kwa sababu bega la mtu nalo halikulala kama meza. Kipimo chake ni kidole gumba: ukosi ukiwa mezani, katikati painuke kiasi cha kidole kupita chini yake. Zaidi ya hapo anafumua.

Jumatatu

Waya. Hili ni tatizo la Dar zaidi kuliko la Simanjiro. Waya wa chuma usio na kinga ukikutana na jasho na hewa yetu ya chumvi hushika kutu, na kutu huanza ndani ya tundu pasipoonekana. Dalili ya kwanza ni duara la kahawia kwenye midomo ya shanga nyeupe. Ukiliona hilo, waya umeshapungua na utakatika kwenye ubavu, ambapo unapinda kila mchezaji anaporuka. Nimechukua waya uliopakwa zinki, unene wa karibu theluthi moja ya milimita kwa safu za kati, na mnene zaidi kwa safu ya kwanza na ya mwisho, ambazo ndizo zinazoshika umbo.

Uzi wa nailoni niliukataa kwa kosi. Hauna kutu, lakini hauna uti wa mgongo pia. Utafanya kazi kwenye nyuzi za kifuani.

Kila safu ina waya wake. Ncha zinapita ubavu wa mwisho, zinapinda, zinarudi ndani ya shanga nne au tano. Nachelea kuzisokota na kuziacha nje, maana zitamchoma binti kisogoni.

Jumatano

Rangi, na nusu siku ya ubishi mtamu.

Mwalimu alikuja na karatasi aliyoichapisha, inayosema nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu, kijani ni majani, chungwa ni ukarimu. Yeyo hakuipinga. Alisema watu wanasema hivyo na si uongo. Lakini alipokuwa akipanga shanga kwenye mkeka hakuwahi kuuliza maana hata mara moja. Alikuwa akiuliza rangi ipi inakaa na ipi. Chungwa aliiweka karibu na buluu. Nyekundu aliiweka karibu na kijani. Nilipoweka nyekundu na chungwa zikigusana alizitenganisha kwa kidole, akaingiza safu moja ya nyeupe.

"Ukiwa pale mlangoni hizi ni kitu kimoja," alisema. Nikaenda mlangoni. Kweli.

Jambo lake la pili ni mkato. Uwanja wa rangi moja hauruhusiwi kwenda duara zima bila kukatwa. Ukosi mdogo una uwanja mweupe mpana, safu 12 nzima, na kila chumba cha pili amekiwekea mkato: kipande cha buluu kinachoanza na shanga tatu na kupanuka safu kwa safu, na mstari mwembamba wa chungwa pembeni yake. Bila mkato, alisema, jicho linateleza halipati pa kushika. Kwangu mimi mkato una faida nyingine: fundi akihesabu shanga za chumba anaanzia kwenye mkato, hivyo kosa linajulikana safu ileile badala ya kuonekana safu tano baadaye.

Mitindo yenyewe nayo haijasimama. Rika jipya la vijana likiingia ujanani, wasichana wa wakati huo hubuni mpangilio wao, na mtu mzima anayejua anaweza kutazama ukosi na kusema ni wa rika lipi. Ndiyo maana nimemwomba Yeyo achague mpangilio wa rika lake mwenyewe, tusichanganye. Karatasi ya mwalimu haina nafasi ya kuandika hilo. Yangu nimeiongezea mstari.

Jumamosi

Ukosi mdogo umekwisha. Mezani unapitisha kidole. Uzito wake, pamoja na waya na mbavu, unabebeka bila kuusikia.

Jumanne

Ukosi mpana. Mzingo wa ndani sentimita 58, safu 30. Hapa vyumba 8 havitoshi: chumba kingekuwa na upana wa sentimita 7 ndani na zaidi ya 12 nje, na waya mrefu hivyo bila ubavu unalegea katikati. Nimeweka vyumba 12. Lile ongezeko la shanga 9 na kitu sasa linagawanywa kwa 12, kwa hiyo si shanga moja kamili tena. Unaongeza moja kwa kila chumba, na kila safu ya nne au ya tano huongezi kitu. Nimechora alama kwenye mbavu: tundu lenye nukta nyekundu maana yake safu hii acha ilivyo.

Upana wa ukosi ni zaidi kidogo ya sentimita 7. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kupitia katikati, sentimita 33. Yeyo ametunga safu kumi za nje mwenyewe. Zile za ndani alinipangia mimi, na kila nilipomaliza safu alipitisha ukucha juu yake akisikiliza.

Ijumaa

Mkanda wa shingo ni kazi ndogo. Kipande cha ngozi laini urefu wa sentimita 35, safu 7 zimeshonwa juu yake kwa uzi: nyeupe tatu, nyekundu moja katikati, nyeupe tatu, na mkato wa kijani mbele chini ya koo. Hakuna kuongeza shanga, kwa sababu mkanda unapanda shingo wima, haupanuki. Safu zote saba zina idadi moja. Tofauti hii niiandike kwenye maelezo wazi, fundi asije akaleta hesabu ya ukosi kwenye mkanda.

Nyuzi za kifuani ndizo zilizoleta mjadala. Nilikuwa nimepanga nyuzi ndefu za buluu, kwa sababu picha zinazo. Yeyo akauliza umri wa binti, na kama ameolewa. Nikasema bado, ana miaka 19.

"Basi mnamwoza jukwaani?"

Nyuzi ndefu za buluu ni za mwanamke aliyeolewa, na zile hereni za shaba iliyosokotwa mviringo, surutia, vilevile. Mwalimu alijaribu kusema jukwaani ni maigizo tu. Yeyo akamjibu kwamba basi aigize bibi harusi vizuri, na mama mkwe awepo, na ng'ombe wawepo. Mwalimu akacheka, akanyamaza. Tumeweka nyuzi tano fupi, nyeupe na nyekundu kwa vipande, zinazoishia sentimita chache chini ya ukingo wa ukosi mpana. Surutia tumeacha.

Jumapili

Majaribio mwilini. Nyuzi kwanza, ukosi mpana, ukosi mdogo, mkanda. Nilihesabu safu zinazoonekana kwenye ukosi mpana mbele: 22. Mabegani zinaonekana 24, kwa sababu ukosi mdogo unasogea mbele kidogo mtu anaposimama wima. Hilo ni sawa, mbele ndipo panapoandikwa.

Binti aliruka. Ukosi mpana ulipanda na kutua bapa. Ule mdogo ulikuwa ukichelewa, ukagonga mpana kwa chini na kutoa mlio wa shanga juu ya shanga, ambao Yeyo aliupenda na mwalimu aliuogopa. Hofu yake ina msingi: pale vinapogongana shanga zitasagika. Tumeshona utepe mwembamba wa ngozi upande wa chini wa ukosi mdogo, usawa wa safu ya 19 na 20. Mlio umepungua, haujaisha.

Vibati vya kuning'inia kwenye ukingo wa nje vitafungwa mwisho. Vinafungwa kwenye kila ubavu, si katikati ya chumba, la sivyo vinavuta waya.

Jumatatu

Maelezo ya seti, kama yatakavyowekwa kwenye boksi:

*Mkanda.* Unakaa katikati ya shingo, umebana, haufuniki kitu. Safu 7, idadi sawa. Nyeupe 3, nyekundu 1, nyeupe 3. Mkato wa kijani mbele. Kifungo nyuma.

*Ukosi mdogo.* Unaanzia shina la shingo, mzingo wa ndani sm 40, unaishia juu ya mfupa wa mtulinga. Umefunika safu 8 za ukosi mpana. Vyumba 8, safu 20, kuanzia shanga 30 kwa chumba hadi 52. Kutoka ndani: nyekundu 2, nyeusi 1, nyeupe 12 zenye mkato wa buluu na chungwa kila chumba cha pili, kijani 2, nyekundu 2, nyeupe 1.

*Ukosi mpana.* Unalala mabegani, mzingo wa ndani sm 58, mbele unashuka hadi juu ya kifua. Vyumba 12, safu 30, zinazoonekana 22. Kutoka ndani: nyeupe 8 zenye mkato mwekundu (hizi zimefunikwa), buluu 4, chungwa 2, nyeupe 8 zenye mkato wa kijani, nyekundu 5, nyeusi 1, nyeupe 2. Vibati 13 kwenye ncha za mbavu.

*Nyuzi.* Tano, zinapita chini ya kosi zote, zinatokea katikati ya kifua. Nyeupe na nyekundu kwa vipande. Za msichana.

Hilo neno la mwisho Yeyo alitaka liandikwe, nikaliandika.

Utunzaji: kosi zihifadhiwe zikiwa zimelala juu ya boksi tambarare, mpana chini. Zikitundikwa msumarini, uzito wote unakaa kwenye waya wa safu ya kwanza na tundu linakuwa yai. Baada ya onyesho, kitambaa kikavu upande wa chini, kwenye mbavu, ambapo jasho hukaa. Ukiona kahawia kwenye nyeupe, leta safu hiyo ibadilishwe waya kabla haijakatika. Safu moja inafumuliwa bila kugusa nyingine.

Vibati vinafungwa kesho. Mwalimu anakuja kuchukua boksi Alhamisi, na ameshauliza bei ya seti ya pili, ya mama mkwe.